Ufunguo Ulikuwa Mfukoni: Mwanafunzi wa Uuguzi na Kifo cha Kwanza

Karibu kila mwanafunzi wa uuguzi anayefiwa na mgonjwa kwa mara ya kwanza huambiwa neno moja: "Utazoea." Husemwa kwa nia njema, na wengi wanaolisema waliambiwa hivyo hivyo wakati wao. Lina ukweli wake pia. Anayefanya kazi wodini huzoea kuona maiti, huzoea kilio cha ndugu nje ya mlango, na baada ya muda mikono yake haitetemeki tena anapomfunga marehemu taya. Lakini nyuma ya majonzi ya kifo huweza kujificha maumivu ya aina nyingine ambayo hayapaswi kuzoeleka, na mwalimu asipoyatambua atamfariji mwanafunzi kwa jambo ambalo silo linalomsumbua.

Mwaka 1984 mwanafalsafa wa Marekani, Andrew Jameton, aliyaeleza maumivu hayo katika kitabu chake kuhusu maadili ya uuguzi. Kwa Kiswahili tunaweza kuyaita dhiki ya kimaadili. Ni hali ya mtu anayejua jambo lililo sahihi kutenda, lakini taratibu na mazingira ya mahali anapofanyia kazi yanamzuia kulitenda. Majonzi ni kumlilia aliyeondoka. Njia panda ya kimaadili ni pale mtu asipojua lipi kati ya mambo mawili ndilo sahihi. Mwenye dhiki ya kimaadili hayuko njia panda: njia anaiona, ila imefungwa.

Kisa kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya darasa. Wahusika hawana majina na hospitali ni ya kubuni, lakini kila aliyewahi kulala zamu katika wodi iliyojaa atautambua usiku huu.

Usiku wa zamu

Mwanafunzi yuko mwaka wa pili wa stashahada. Amepangwa zamu ya usiku katika wodi ya wanaume ya hospitali ya mkoa, chini ya muuguzi mmoja, Sista wa zamu, mwenye wagonjwa 36 na mhudumu mmoja wa kumsaidia. Kitanda cha saba yupo mzee wa miaka 67, mkulima, mwenye saratani ya umio iliyokwisha kufika kwenye ini. Chakula kigumu hakipiti tena. Anakunywa uji mwepesi na maji kwa kijiko. Matibabu ya kuiondoa saratani hayapo tena, na familia imeelezwa. Mwanawe wa kiume ameruhusiwa kukaa naye usiku kucha.

Kwenye faili lake daktari ameandika morfini ya maji, miligramu 5, inapohitajika. Dawa ipo. Imefungiwa kwenye kabati la dawa zinazodhibitiwa, ambalo ufunguo wake hukaa na muuguzi wa zamu, na kila inapotolewa lazima iandikwe kwenye daftari na kutiwa saini. Mwanafunzi haruhusiwi kuitoa peke yake. Mara ya mwisho mzee alipewa saa kumi jioni.

Saa nne usiku mwanafunzi anapita kuchukua vipimo. Mzee hajaita mtu, wala halii. Amekunja uso na kushika ukingo wa kitanda kwa mkono wa kulia. Darasani mwanafunzi alifundishwa kuuliza maumivu kwa vidole: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Anamuuliza. Mzee anainua vidole vinne.

"Babu, mbona hukutuita?"

"Mna kazi nyingi, mjukuu wangu."

Mwanafunzi anamwendea Sista, ambaye wakati huo amemshikilia mgonjwa mwenye degedege karibu na mlango. "Nimesikia, nakuja," Sista anajibu. Haji. Saa sita mwanafunzi anarudi kwake na taarifa kwamba sasa ni vidole vitano. Sista anakagua faili, anahesabu pumzi za mzee na kupata 14 kwa dakika, kisha anatikisa kichwa.

"Hawa wa saratani ukiwapa morfini usiku hawaamki. Akifia mikononi mwetu tutaeleza nini? Nimempigia daktari, yuko chumba cha upasuaji. Tumpe panadoli ya maji kwanza, akitoka ataamua."

Mzee anapewa panadoli. Mwanafunzi anampangia mito, anamlowanisha midomo kwa pamba na kumkanda mgongo taratibu. Saa tisa mzee anauma blanketi. Mwanawe anamtazama mwanafunzi na kuuliza, "Sista, hakuna sindano yoyote ya kumsaidia?" Mwanafunzi anajua dawa ipo hatua kumi kutoka pale, na ufunguo uko kwenye mfuko wa gauni la Sista. Hajibu.

Muda mfupi kabla ya saa kumi na moja alfajiri nyayo za mzee zinapoa. Pumzi zinakuja kwa mafungu, kisha kimya kirefu, kisha mafungu tena. Mwanawe anamsomea shahada sikioni. Daktari anafika wakati pumzi ya mwisho imekwisha kutoka.

Sista na mwanafunzi wanamhudumia marehemu: wanamfumba macho, wanafunga taya kwa bendeji, wanatoa kanula mkononi, wananyoosha miguu na kuandika utambulisho wake. Sista anamwambia mtoto wa marehemu, "Kazi ya Mungu haina makosa." Wakiwa wanaosha mikono anamgeukia mwanafunzi: "Utazoea, mdogo wangu."

Mazungumzo

Saa tatu asubuhi mkufunzi anayesimamia wanafunzi wodini anamkuta msichana huyo kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Hajaenda bweni. Mkufunzi anaketi kando yake na kusubiri.

"Nimeambiwa umefiwa usiku. Pole sana, mwanangu."

"Asante, Madamu."

"Nieleze ulichokiona. Anza popote."

Msichana anasimulia kwa nusu saa, na mkufunzi hamkatizi. Anagundua kwamba hadithi inarudi mara kwa mara saa sita na saa tisa. Saa kumi na moja, saa ya kifo chenyewe, inatajwa mara moja tu na kupita.

"Ngoja nikuulize. Kinachokuuma ni kwamba babu amekufa?"

"Hapana, Madamu. Nilijua atakufa, hata mwanawe alijua. Kinachoniuma ni vile alivyokufa."

"Uliamini nini kingefaa kufanywa?"

"Apewe morfini. Iliandikwa na ilikuwepo."

"Nini kilizuia?"

Hapa msichana anajibu haraka, kana kwamba jibu lilikuwa tayari mdomoni. "Sista alikataa." Kisha kimya. "Na mimi nikanyamaza."

Mkufunzi hamkanushii. Hamwambii kwamba hana kosa, wala hasemi kwamba Sista ni mtu mbaya. Anachukua karatasi na kuigawa kwa mstari katikati. Upande mmoja anaandika "Vilivyokuwa vyangu", upande wa pili "Visivyokuwa vyangu", kisha wanaanza kujaza pamoja.

Upande wa pili unajaa upesi. Agizo la daktari lilisema inapohitajika, na kwa mgonjwa ambaye hapendi kusumbua watu, agizo la namna hiyo huishia kuwa dawa isiyotolewa. Muuguzi alikuwa mmoja kwa wagonjwa 36. Daktari wa zamu alikuwa mmoja kwa hospitali nzima. Sista aliogopa morfini, na haikuwa mara yake ya kwanza kuiogopa. Mwanafunzi hana ruhusa ya kufungua kabati, na huo ni utaratibu sahihi ambao mkufunzi mwenyewe angeutetea.

Upande wa kwanza una mistari mitatu. Aliuliza maumivu kwa vidole na kupata jibu la kweli kutoka kwa mtu aliyeficha maumivu yake. Aliripoti mara mbili. Hakuandika vidole vinne wala vitano kwenye faili, kwa hiyo daktari alipofungua faili asubuhi alikuta pumzi, mapigo na joto tu.

"Mstari wa tatu ndio wa kwako wa kurekebisha," mkufunzi anasema. "Maumivu yasiyoandikwa, kwa hospitali, hayakuwepo. Ukiandika, hata mimi niliyelala nyumbani ninaweza kuyasoma na kuuliza."

"Na Sista, Madamu? Alisema angemuua."

"Tulizungumze hilo kwa kitaalamu. Mzee alipumua mara ngapi?"

"Kumi na nne."

"Hiyo ni kawaida ya mtu mzima. Alikuwa macho?"

"Macho kabisa. Aliuma blanketi."

"Mtu aliyezidiwa na morfini husinzia kwanza. Usingizi unazidi mpaka hataki kuamka, ndipo pumzi zinapungua, chini ya nane, na mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya pini. Anayeuma blanketi kwa maumivu hajazidiwa dawa, amepungukiwa. Morfini ya maji hufanya kazi kwa takribani saa nne. Huyu alipewa saa kumi jioni, kwa hiyo kuanzia saa mbili usiku hakuwa na kitu mwilini. Alipaswa kupewa kwa saa, kila baada ya saa nne, bila kuomba, na akizidiwa katikati aongezwe dozi. Wakati wa kulala dozi inaweza kuwa mara mbili ili asiamshwe usiku wa manane. Na kila anayeanza morfini aandikiwe na dawa ya kulainisha choo, maana itamfunga. Tulikufundisha hivyo?"

"Mlitufundisha."

"Basi ulichokijua usiku ule kilikuwa sahihi. Usije ukaruhusu mtu akakuambia uliumia kwa sababu hujakomaa. Uliumia kwa sababu ulijua."

Msichana analia sasa, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Baadaye anauliza swali ambalo wengi huliuliza kimoyomoyo: "Madamu, si wanasema kazi ya Mungu haina makosa?"

"Ni kweli, na kwa mfiwa ni neno la kumshikilia asianguke. Usilidharau. Lakini sisi tusijifiche nyuma yake. Kifo ni cha Mungu. Ufunguo wa kabati ni wetu."

Kabla hawajainuka mkufunzi anaongeza jambo moja ambalo msichana hakulitarajia. Mchana ataongea na Sista pia, na atamuuliza maswali yale yale. Mtu aliyemwangalia mzee akiuma blanketi huku ufunguo umo mfukoni mwake mwenyewe naye ana mzigo, pengine wa miaka mingi, na inawezekana hakuna aliyewahi kumuuliza nini kilimzuia.

Kinachobaki moyoni

Waliotafiti jambo hili wameonyesha kwa nini mazungumzo ya asubuhi ile hayapaswi kuahirishwa. Mwaka 2000 George Webster na Françoise Baylis waliandika juu ya masalia ya kimaadili, yaani kile kinachobaki ndani ya mtu baada ya tukio lenyewe kupita. Mwaka 2009 Elizabeth Epstein na Ann Hamric wakaeleza namna masalia hayo yanavyopanda. Tukio linatokea, dhiki inapanda, tukio linaisha na dhiki inashuka, lakini haishuki mpaka chini kabisa. Tukio linalofuata linaanzia juu kidogo kuliko la kwanza. Kadiri matukio yanavyorudi katika wodi ile ile, ndivyo mtu anavyozidi kukaribia kikomo chake.

Wanaofika kwenye kikomo hicho hawafanani. Wengine huacha kazi au kuomba kuhamishiwa mahali pasipo na wagonjwa. Wengine hugeuka wakali, wakagombana na kila mtu kwa kila jambo. Wengine hubaki kazini lakini hujiondoa taratibu: hawaulizi tena maumivu, kwa sababu ukiuliza utalazimika kusikia jibu. Hao wa mwisho ndio ambao kwa nje wanaonekana wamezoea. Ukitaka kuwatambua, tazama faili zao. Vipimo vinavyochukuliwa na mashine vimejazwa, na sehemu inayohitaji kumuuliza mgonjwa iko wazi.

Sista wa kisa chetu huenda ni mmoja wao. Jibu lake kwamba wa saratani hawaamki ni jibu la mtu aliyewahi kutoa dozi, mgonjwa akafa saa chache baadaye kwa ugonjwa wake, na hakuna aliyekaa naye kumweleza kilichotokea. Hofu ya namna hiyo haiondoki kwa waraka. Inahitaji mtu wa kukaa naye, faili mkononi, kama mkufunzi alivyokaa na mwanafunzi.

Kuusogeza ukuta

Mazungumzo yakiishia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mwanafunzi atatulia kidogo na wodi itabaki vile vile. Kwa hiyo kisa kina sehemu ya pili. Wiki hiyo hiyo mkufunzi, mwanafunzi na Sista wanakwenda pamoja kwa muuguzi mkuu wa wodi. Hawaendi kushitakiana. Wanaomba mambo mawili: swali la vidole liwekwe kwenye karatasi ya vipimo, chini ya mstari wa pumzi, ili likiachwa wazi lionekane, na daktari anapoandika morfini kwa mgonjwa wa saratani aandike kwa saa, pamoja na dozi ya nyongeza, ili muuguzi wa usiku asilazimike kubeba uamuzi peke yake.

La kwanza linakubaliwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa linahitaji kalamu na rula tu. La pili linachukua muda, maana lazima madaktari waitwe na wakubaliane. La muuguzi mmoja kwa wagonjwa 36 halitatuliwi na mtu yeyote aliyemo chumbani mle, na kisa kinalisema wazi. Mwanafunzi anapaswa kujua kwamba kuta hazifanani: nyingine husukumwa na watu watatu kwa wiki moja, nyingine zinahitaji bajeti, nyingine zinahitaji sheria.

Hata kuta za sheria zimewahi kusogea, na jirani zetu wa Uganda ni mfano. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda na kueneza morfini ya maji ambayo mgonjwa angeweza kuinywa nyumbani kwake. Tatizo lililobaki lilikuwa kwamba wagonjwa wengi waliishi mbali na daktari yeyote wa kuiandika. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu waliosomea huduma shufaa waiandike wenyewe. Wauguzi waliokuwa wakijua la kufanya na kuzuiwa na sheria wakapata njia, baada ya mafunzo maalumu na kwa usimamizi.

Namna ya kukifundisha

Mwalimu anayetaka kukitumia kisa hiki darasani akisome kwa sauti mpaka Sista anaposema "Utazoea", kisha asimame. Awape wanafunzi dakika kumi waandike bila kuzungumza: nini kinamuuma msichana, nini kilimzuia, na wao wangefanya nini saa sita usiku. Karatasi hizo zisikusanywe. Ndipo asome mazungumzo na kuacha darasa lijadili.

Makosa mawili hutokea mara nyingi. La kwanza ni darasa kugeuka mahakama ya Sista. Mwalimu aulize: mgonjwa wa degedege aliyekuwa mlangoni angeachiwa nani? La pili ni kinyume chake, ambapo kila kitu kinasukumiwa kwenye mfumo, na wanafunzi wanatoka wakiamini kwamba hakuna walichoweza kufanya. Hapo mwalimu arudi kwenye upande wa kwanza wa ile karatasi, kwenye vidole vitano ambavyo havikuandikwa. Dalili kwamba somo limeeleweka ni mwanafunzi kuweza kujaza pande zote mbili.

Ajiandae pia kwa atakayesema, "Na mimi ilinitokea." Karibu kila darasa huwa na mmoja. Asimwombe asimulie mbele ya wenzake. Amtafute baadaye, mahali penye mlango wa kufunga, na amwache aanzie popote.

Wakufunzi na wauguzi wakuu wa wodi, mwanafunzi wenu akitoka zamu ya usiku ambapo mgonjwa amefariki, msimpe "utazoea". Mketi naye asubuhi hiyo hiyo kabla hajalala. Mumuulize aliona nini, aliamini nini kingefaa, na nini kilimzuia. Kisha majibu yake myapeleke kwa mtu mwenye uwezo wa kukiondoa kizuizi hicho, kabla mgonjwa mwingine hajalazwa kwenye kitanda kile.